Mtoto anaharisha maji meupe, nimpe nini?

"Mwanangu wa miaka 4 anaharisha tangu alfajiri, choo kama maji ya mchele, na akinywa anatapika. Tuko Goma, tunachota ziwani."

Mama, mpeleke kituo cha kutibu kipindupindu sasa hivi, na umnyweshe njiani. Ugonjwa huu humkausha mtoto kwa saa chache tu. Changanya pakiti ya chumvichumvi ya kuharisha, yaani ORS, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Kama huna, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi isizidi, itamdhuru.

Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kimoja. Wangu alitapika mara tatu nikataka kuacha, kumbe mengi yalikuwa yanabaki tumboni.

Finya ngozi ya tumbo uiachie. Ikirudi polepole, macho yakizama au akishindwa kunywa, anahitaji maji ya mshipani haraka.

Nguo zake usizifulie ziwani, maana jirani anachota hapo hapo. Na mwamba wetu wa volkano hauchimbiki, vyoo ni vifupi, mvua hubeba uchafu hadi ziwani. Bidoni likitiwa klorini, subiri dakika 30 kabla ya kunywa.