Maswali na Majibu: GTIN zilizoharibika, bei zisizolingana na sababu nyingine za bidhaa kukataliwa

Karibu bidhaa zangu zote zimekataliwa na tovuti ya kulinganisha bei, eti GTIN, ile namba ya msimbo pau, si sahihi. Namba nilizinakili kwenye pakiti zenyewe. Kosa liko wapi? (Mwenye duka, Kisumu)

Kwa dalili hizo, Excel ndiyo iliyokuharibia. Swali hili linarudi kila mara, kwa hiyo safari hii nalijibu lote.

Fungua faili la CSV la bidhaa unalolituma kwenye tovuti hiyo kwa Notepad, si kwa Excel, kisha utazame safuwima ya `gtin`. Namba iliyo chini ya msimbo pau, tuseme 6161100123458, utaikuta imekuwa `6.16E+12`. Excel huichukulia kama kiasi cha kujumlisha, na kwa kuwa ina tarakimu zaidi ya 11, huionyesha kwa ufupi. Ukihifadhi kama CSV, kinachohifadhiwa ni ule ufupisho. Ukilifungua tena, unapata 6160000000000, na tarakimu zilizopotea hazirudi hata ukibadilisha mwonekano wa seli. Bidhaa zako zote zenye namba zinazoanzia 616 huenda sasa zina namba moja.

Tovuti za kulinganisha bei hulijua kosa hili bila kumuuliza mtu, kwa sababu tarakimu ya mwisho ya GTIN ni ya ukaguzi. Chukua zile 12 za mwanzo, 616110012345. Kuanzia kushoto, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, na kuendelea hivyo hivyo. Jumla ni 52. Kufika 60, kumi inayofuata, zinabaki 8, na ndiyo tarakimu ya 13. Ifanyie hesabu hiyo 6160000000000: jumla ni 15, kwa hiyo mwisho ilipaswa kuwa 5, si 0. Inakataliwa palepale.

Dawa ni kutolifungua CSV kwa kulibofya mara mbili. Ndani ya Excel nenda Data, From Text/CSV, kisha Transform Data. Chagua safuwima ya `gtin` na uifanye Text. Ikikuuliza, bonyeza Replace current. Ukichagua Add new step, Excel itakuwa imeshaigeuza namba kabla ya kuirudisha kuwa maandishi, na sifuri za mwanzo zitakuwa zimekwenda. Sifuri hizo ndizo huwaangusha wenye bidhaa za Marekani: msimbo wao wa tarakimu 12 ukianza na 0, unabaki na 11.

Lililo bora zaidi ni duka lako litoe faili moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata, mkono wa mtu usipite katikati.

Natengeneza sabuni zangu mwenyewe, hazina msimbo pau. Naweza kutunga namba? (Mjasiriamali, Arusha)

Hapana. Ukitunga namba inayopita ukaguzi, huenda ni ya bidhaa ya kampuni nyingine, na sabuni yako itaorodheshwa chini ya kopo la maziwa la mtu. GTIN ndiyo inayoiambia tovuti kwamba maduka matano yanauza kitu kilekile. Ukiichezea, unavuruga ulinganisho wote, na akaunti yako inaweza kufungiwa.

Acha `gtin` tupu. Jaza jina la chapa yako kwenye `brand`, na kwenye `mpn` uweke namba uliyoipangia kila aina ya sabuni, kwa mfano `SAB-MLO-100`. Wewe ndiye mtengenezaji, kwa hiyo namba hiyo ni halali. Kwa faili la Google, kitu kisicho na msimbo, chapa wala namba ya mtengenezaji, kama kikapu kilichosukwa kwa oda, huwekewa `no` kwenye `identifier_exists`. Usiitumie `no` kukwepa kutafuta msimbo wa simu au friji. Watengenezaji wake wanajulikana, na bidhaa itakataliwa.

Ukitaka GTIN ya kweli, isajili kwa GS1 ya nchi yako, shirika linalotoa namba hizo. Namba zinazotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620, za Kenya 616. Jihadhari na wauza namba wa mitandaoni: namba unayouziwa inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la kampuni nyingine, na tovuti ikiangalia kwenye kumbukumbu za GS1 haitakuona wewe. Na ile stika ya mizani ya supamaketi inayoanza na 2 ni ya matumizi ya ndani ya duka, haifai kabisa.

Nimeandika bei 18,500/= wanakataa. Kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

Ondoa mkato, ondoa `/=`, weka msimbo wa sarafu. Kwenye CSV andika `18500.00 KES` pekee; kwenye faili la XML iwe hivi:

```
<g:price>18500.00 KES</g:price>
```

Bei imeandikwa vizuri, lakini wanasema hailingani na ukurasa. Mbona mimi naona sawa? (Muuza simu, Nairobi)

Unaona sawa kwa sababu unalijua duka lako. Fungua kiungo kilichomo kwenye faili, si ukurasa unaouzoea, kwa dirisha la faragha, na usibofye chochote.

Tuseme simu ya 128GB ni shilingi 24,500 na ya 256GB ni 29,000, na zote mbili umezipa kiungo kimoja. Ukurasa unafunguka ukionyesha 24,500. Mashine ya tovuti haitabofya kitufe cha 256GB. Itasoma 24,500 na kuikataa ile ya pili. Kila toleo lipewe mstari wake, `id` yake, GTIN yake na kiungo kinachofunguka likiwa limeshachaguliwa, kisha yote yafungwe pamoja kwa `item_group_id` moja.

Kama viungo ni sahihi, angalia kodi. Faili likisema 25,000 na mteja akalipa 29,000, hiyo ni VAT ya asilimia 16 uliyoiacha nje. Mnunuzi hapa anatakiwa kuona bei anayolipa.

Bado? Tazama msimbo wa ukurasa na utafute neno `"price"`. Maduka mengi hubadilisha bei inayoonekana na kusahau ile iliyoandikwa kwa ajili ya mashine kwenye JSON-LD. Na kama unabadilisha bei mchana huku faili likitengenezwa usiku, utakataliwa kila siku ya ofa. Litengenezwe kila saa.

Bidhaa ikiisha niifute, halafu ikirudi niipe `id` mpya? (Msomaji, Dodoma)

Usifute. Badilisha `availability` kuwa `out_of_stock`, na `id` ibaki ileile. Ukiibadilisha, tovuti inaiona kama bidhaa ngeni na historia yake yote inapotea.

Picha zangu zina namba ya WhatsApp na neno OFA. Ni lazima niziondoe? (Msomaji, Mwanza)

Ndiyo, zote. Maandishi juu ya picha kuu ni sababu tosha ya kukataliwa, na kuyafunika kwa kiboksi cheupe hakusaidii. Piga picha upya, bidhaa peke yake. OFA iondoe na kwenye `title` pia. Kama kweli umepunguza bei, ya kawaida ibaki kwenye `price` na iliyopunguzwa uiweke kwenye `sale_price`.