Nukta ya desimali na miwani ya kwanza

Nukta ya desimali iliyoandikwa kwa chaki ina upana wa milimita tatu au nne tu. Mtoto mwenye macho mazima aliyekaa dawati la nyuma, mita 6 kutoka ubaoni, anaiona. Mtoto asiyeona mbali haioni, na ubaya zaidi ni kwamba hajui kama ipo. Mwalimu ameandika 3.5, yeye ananakili 35, anafanya hesabu yake bila kosa, kisha anawekewa mkasi. Daftari likijaa mikasi ya namna hiyo, nyumbani anaitwa mvivu.

Tumchukue mvulana wa miaka 10, Gredi ya 5, anayekaa Langoni hapa Lamu. Ni mvulana wa mfano tu, lakini mwalimu yeyote atamtambua. Mamake hana wasiwasi na macho yake, na ana sababu: jioni chuoni mtoto anasoma msahafu bila kukosa hata irabu moja. "Maalim wake mwenyewe amsifu, macho yana nini?" Hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Msahafu uko kwenye marufaa, sentimita 30 kutoka usoni. Jicho lisiloona mbali ni refu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hivyo mwanga wa kitu cha mbali hukutana kabla ya kufika nyuma ya jicho, na picha inakuwa ukungu. Kitu cha karibu hakina shida hiyo. Kipimo cha lenzi anayohitaji kikiwa -2.00, gawa 100 kwa 2: kila kilicho ndani ya sentimita 50 anakiona vizuri, na kadiri kinavyosogea mbali kinazidi kufifia. Msahafu uko ndani ya mpaka, ubao uko nje.

Usimsubiri alalamike. Hajawahi kuuona ubao vingine, hivyo kwake ubao ni kitu cha ukungu kwa watu wote. Mtazame anavyofanya. Hufinya macho akiangalia mbali, hunakili kutoka daftari la jirani, na akisimama gatini hatambui boti ya mjombake mpaka ikaribie kufunga. Kule kufinya macho si tabia mbaya. Anaubana mwanga upite kwenye upenyo mwembamba, na ukungu unapungua kidogo. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Kipimo cha kwanza mnaweza kukifanya wenyewe. Chora herufi E nyeusi kwenye karatasi nyeupe, urefu na upana milimita 17.5, kila mstari na kila pengo milimita 3.5. Ibandike ukutani kwenye kimo cha macho yake, kivulini lakini mahali penye mwanga wa mchana. Pima mita 6 kwa futi ya fundi, usikisie kwa hatua. Nyumba zetu za kale zina vyumba virefu na vyembamba, lakini mita 6 kamili hazipatikani kila mahali, na watu humaliza wakisimama mita 3 au 4. Kwa mita 3 herufi hiyo ni rahisi mara mbili, na mtoto mwenye shida atapita. Toka uani, au nenda uwanja wa shule.

Afunike jicho moja kwa kiganja, bila kulikandamiza, kwa sababu jicho lililokandamizwa hubaki na ukungu kwa muda. Igeuze karatasi mara tano, kila mara akuonyeshe kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Akipata nne kati ya tano, jicho hilo limepita. Kisha jicho la pili. Ukipima macho yote mawili pamoja, jicho zima litalificha bovu. Angalia pia asichungulie kati ya vidole na asifinye macho. Watoto wanataka kufaulu, na hapa kufaulu kwa hila kunamgharimu mwenyewe.

Asipopita, chukua kadi ngumu uitoboe kwa sindano nene, kitundu cha milimita moja. Aangalie E ileile kupitia kitundu hicho kwa jicho lililoshindwa. Hii ndiyo kazi ile ile ya kufinya macho, ila imefanywa vizuri. Akianza kuiona, basi shida yaelekea ni ya lenzi na miwani itamfaa. Kitundu kisipomsaidia kitu, usianzie duka la miwani. Mpeleke hospitali jicho lenyewe likaguliwe. Na ukiona mboni yenye weupe ndani, usipoteze muda na karatasi wala kadi, nenda siku hiyo hiyo.

Mvulana wetu ameshindwa kwa macho yote mawili, na kitundu kimemsaidia. Sasa kuna kupimwa kwenyewe, na hapa ninasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: matone. Jicho la mtoto lina nguvu nyingi ya kujikaza. Ukimwekea lenzi kali kuliko anayohitaji, lenzi yake ya asili ndani ya jicho inajikaza na kuisawazisha, na atakuambia anaona vizuri. Mpimaji mwenye haraka, au mashine peke yake, anaweza kumpata na -2.75 wakati haki yake ni -2.00. Ataona ubao, ndiyo, lakini macho yatafanya kazi ya ziada mchana kutwa, na jioni utasikia habari za kichwa kuuma. Matone ya saiklopentoleti hulegeza ule msuli unaokaza. Husubiriwa dakika 30 hadi 45, ndipo mpimaji amulike mboni kwa tochi yake na kubadilisha lenzi mpaka apate kipimo cha kweli. Mboni zitabaki wazi na kusoma karibu kutakuwa kwa ukungu mpaka kesho yake, kwa hivyo mchukulie kofia, maana jua la mchana ufukweni litamuumiza, na usimtume chuoni jioni hiyo.

Karatasi imetoka: jicho la kulia -2.00, la kushoto -2.25, umbali kati ya mboni milimita 56. Ile namba ya mwisho mara nyingi haiandikwi. Idai. Kitovu cha kila lenzi kinatakiwa kikae mbele ya mboni. Kikienda kando, macho hulazimika kuvutana ili picha mbili ziwe moja. Ndiyo maana fremu ya kaka mkubwa, au ile pana "atakayokua nayo", ni hasara. Ndani ya mkono wa fremu kuna namba kama 44-16-125. Ya kwanza ni upana wa lenzi, ya pili nafasi ya puani, ya tatu urefu wa mkono. Jumlisha mbili za mwanzo: 60. Kwa mtoto wa milimita 56 hiyo inafaa, kila lenzi itasogezwa ndani milimita 2 tu. Ukikuta 52-18, jumla ni 70, iache rafuni. Chagua plastiki, kwa sababu hewa ya chumvi hapa kwetu huzila skrubu na fremu za chuma cha bei ya chini, na huanza kuota kijani pale puani. Lenzi pia ziwe za plastiki, si kioo, maana mpira utampiga usoni siku moja. Duka likikosa kipimo hicho, huagiza Mombasa. Subira ya siku kadhaa ni bora kuliko kupewa "kinachokaribia".

Siku ya kuichukua, kabla hajaivaa, ishike mbali na uso wako uangalie kupitia lenzi moja nguzo au mlango, kisha isogeze kulia na kushoto taratibu. Lenzi ya kuonea mbali hupunguza kitu, na kitu husogea upande ule ule unaousogeza. Kikikua na kukimbilia upande wa pili, hiyo ni lenzi ya kusomea ya wazee, na itamzidishia ukungu ubaoni. Makosa hayo hutokea, na miwani ya sokoni iliyopangwa kwenye meza karibu yote ni ya namna hiyo.

Jaribio lenyewe lifanyike darasani. Mwombe mwalimu, kabla ya kengele, aandike mstari mmoja kwa mwandiko wake wa kila siku, si herufi kubwa za kumpendelea. Aandike kitu chenye alama ndogo, mathalani 12.4 + 3.5, na neno lenye ng'. Mtoto akae dawati la nyuma, si lake la mbele alilozoea. Avae. Mara nyingi hatasema lolote kwa sekunde kadhaa, kwa sababu macho yanatembea: ukingo wa ubao, vumbi la chaki, msumari wa kalenda. Usimharakishe. Mwache asome.

"Kumi na mbili… mwalimu, pale pana nukta."

"Iko tangu muhula wa kwanza, baba."

Msifurahi mkasahau kufunika jicho moja moja tena. La kulia lisome mstari wote, kisha la kushoto. Jicho moja likibaki nyuma hata kwa lenzi sahihi, huenda ni jicho vivu, ambalo ubongo haukulizoesha kuona. Hilo hutibiwa vizuri zaidi utotoni, hivyo arudi kwa daktari wiki hiyo, asingoje likizo.

Siku za mwanzo sakafu itaonekana iko mbali au imejipinda kidogo, na ngazi zetu za mawe ni kali. Ashuke ameshika ukuta. Kwa kawaida wiki moja au mbili zinatosha kuzoea. Zikipita na bado kichwa kinamuuma, miwani irudi ipimwe upya, si mtoto avumilie. Darasani aivae muda wote ili macho yahame kutoka ubao hadi daftari bila kuvua na kuvaa. Akiivua chuoni kusoma msahafu, haidhuru, kwa sababu bado uko ndani ya sentimita 50 zake. Na bibi akisema miwani itamzoesha macho uvivu, mwambie kwa adabu kwamba urefu wa jicho ndio ulioleta shida, na kuvaa miwani hakulirefushi.

Kufuta kwa leso au pindo la kanzu ndiko kunakoua lenzi. Mchanga mwembamba na chembe za chumvi hukwaruza kila ukisugua. Kwanza ioshwe kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi, na tone la sabuni ya vyombo kwenye vidole, kisha ikaushwe kwa kitambaa safi cha pamba. Kila mwezi kaza skrubu za bawaba kwa bisibisi ndogo.

Ile karatasi ya E usiitupe. Katika umri huu jicho bado linarefuka, na kipimo kinaweza kupanda ndani ya miezi 6. Weka alama sakafuni pale mita 6 zilipo, na kila mwanzo wa muhula asimame hapo na miwani yake, jicho moja moja. Siku atakayoanza kufinya macho akiwa ameivaa, kipimo kimekwisha kubadilika.