Somo la 10 halijaandikwa: kuomba kazi igawanywe upya kwenye kundi

Tulikuwa watu watano, na kazi yetu ilikuwa kijitabu cha masomo ya Kiswahili kwa wauzaji wa sokoni hapa Kampala, kitoke kabla ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Alikuwepo mzee wa Bombo aliyekua na Kiswahili tangu utotoni, mwalimu wa Gulu, dada wa Mbale, kijana mchoraji wa Ntinda, na mimi. Hatukuwa tukikutana. Kila kitu kilipitia kwenye kundi la WhatsApp.

Kufikia mwanzo wa Juni, masomo 9 kati ya 12 yalikuwa yameandikwa, na 5 kati ya hayo niliyaandika mimi. Manne yalikuwa yamehaririwa, yote na mimi. Usiku nilikuwa nakaa na faharasa ya maneno. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na uchungu, na tarehe 2 usiku nikaandika hivi kwenye kundi: "Jamani, naona hii kazi nimeachiwa peke yangu. Tujitahidi."

Kesho yake ilikuwa Siku ya Mashahidi, na mwalimu alikuwa Namugongo pamoja na mahujaji wa parokia yake. Dada alijibu, "Pole sana, tutajitahidi." Mchoraji aliweka alama ya mikono ya kuomba. Mzee hakusema neno. Siku 6 zikapita, na hakuna somo hata moja lililosogea.

Nilirudi kuusoma ule ujumbe wangu mara kadhaa, na kosa nililoliona lilikuwa ndani ya maneno yenyewe. "Tujitahidi" ni neno la watu wote, kwa hiyo kila mmoja alilisoma akamfikiria mwenzake. "Nimeachiwa peke yangu" ni lawama, na mtu aliyelaumiwa mbele ya watu hutafuta namna ya kujitetea au hunyamaza. Na hakuna mahali popote nilipotaja kitu ambacho mtu angeweza kukichukua akaenda kukifanya. Hata dada, ambaye nina hakika alitaka kusaidia, hakuwa na pa kuanzia.

Kiswahili kinatupa njia nzuri hapa, na tangu siku ile naitumia kila mara. Ukisema "hujaandika somo la 10" umemsimamisha mtu mbele ya wenzake. Ukisema "hatujaandika" umeitawanya kazi ikapotea. Lakini ukisema "somo la 10 halijaandikwa", unaliweka somo lenyewe katikati ya kikao, wote wanaliona, na hakuna aliyeguswa. Ila sentensi hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu haina mtendaji. Lazima ifuatwe na ya pili yenye mtu na siku. Kwanza kitu kilivyo, kisha ombi.

Kabla ya kuandika tena nilichukua daftari nikahesabu kilichobaki, kipande kwa kipande, na kando ya kila kipande nikaweka saa ninazokadiria. Somo moja lilikuwa likinichukua kama saa 3 kuliandika na saa 1 kulihariri, kwa hiyo makadirio hayakuwa ya kubuni. Nilipojumlisha nilipata saa 47 hivi. Kwa watu watano hiyo ni chini ya saa 10 kila mmoja kwa wiki mbili, jambo linalowezekana kabisa. Kwa mtu mmoja mwenye ajira yake, haiwezekani. Hesabu hiyo ilinituliza kuliko pole zote, maana sasa nilikuwa na kitu cha kuonyesha badala ya uchungu.

Halafu nikaandika walichokwisha kufanya wenzangu, na hapo nikakwama kwa mzee. Kwenye kundi hakukuwa na kazi yake hata moja. Sikutaka kumtaja mtu wa umri wake mbele ya vijana, kwa hiyo nikampigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamuuliza kazi inamwendeaje. Akaniambia kwamba mwalimu na dada wamekuwa wakimpigia karibu kila jioni kumuuliza maneno: mizani tuiiteje, mkopo na deni vinatofautianaje, mteja wa Luganda atalielewaje neno fulani. Yale masomo yao manne niliyoyasifu kwa lugha safi yalikuwa yamepita mikononi mwake. Mimi nilikuwa sioni kwa sababu haikupitia kwenye kundi.

Kwa hiyo kama unaandaa ombi la kugawana kazi upya, piga simu moja au mbili kwanza. Kundi linaonyesha kilichotumwa tu. Anayejibu maswali pembeni, anayekwenda kupiga picha, anayemfuata mtu ofisini mara tatu bila kumkuta, hao hawaonekani, na ukiwahesabu kuwa wavivu hadharani, ombi lako limekufa palepale. Katika simu hiyohiyo nilimwomba mzee awe mhariri wa masomo yote yaliyobaki. Alikubali, kwa sharti moja: asichape chochote. Atasoma kwenye karatasi, asahihishe kwa kalamu, apige picha ukurasa na kuutuma, na kila mwandishi aingize masahihisho ya somo lake mwenyewe.

Ujumbe niliotuma tarehe 10 ulikuwa huu:

"Habari za jioni wapendwa. Shikamoo Mzee. Ili kijitabu kichapwe kabla ya 7 Julai, faili zinatakiwa ziwe tayari 24 Juni. Nimehesabu kilichobaki:
1. Masomo ya 10, 11 na 12 hayajaandikwa. Saa 3 kila moja.
2. Masomo ya 5 hadi 9 hayajahaririwa. Mzee amekubali kuyasoma, pamoja na hayo matatu yakiisha. Asante sana Mzee.
3. Faharasa imefika herufi K. L hadi Z bado. Saa 6.
4. Michoro 7 imeingia, 5 bado. Saa 10.
5. Kurasa hazijapangwa. Saa 8.
6. Bei za uchapaji Nasser Road hazijaulizwa. Saa 3.
7. Wauzaji wa Nakawa hawajasomewa masomo. Saa 3.
Nimeandika masomo 5 na kuhariri 4, na nikiendelea hivyo hatutafika tarehe 24. Ninabaki na namba 5 na 7. Namba 1 na 3 naziweka chini kuanzia leo. Mwalimu, naomba uchukue somo la 10 na la 11. Dada, naomba somo la 12 na faharasa. Kaka, michoro inabaki kwako. Namba 6 haina mtu. Kama sehemu yako ni kubwa mno, sema ni ipi tuibadilishe. Naomba kila mmoja ajibu kwa namba na siku, kabla ya kesho saa 2 usiku."

Niliutuma kama maandishi ya kawaida, bila picha ya jedwali wala faili, kwa sababu mwenzetu mmoja hununua data ya siku na picha humfungukia kwa shida. Nikaubandika juu ya kundi kwa siku 7. WhatsApp inakuruhusu kubandika ujumbe kwa saa 24, siku 7 au siku 30, na siku 7 zilitosha kwa sababu nilijua baada ya wiki orodha itakuwa imebadilika. Jambo jingine la kujua ni kwamba ujumbe unaweza kuurekebisha ndani ya dakika 15 tu. Baada ya hapo usihangaike kuandika masahihisho chini yake. Tuma orodha nzima upya yenye tarehe mpya, ubandue ya zamani, la sivyo watu wawili watafanya kazi kwa orodha mbili.

Majibu yalikuja usiku uleule. Dada aliandika, "12 Ijumaa, faharasa Jumatano inayofuata." Hilo ni jibu. Mwalimu aliandika, "Sawa, nitajitahidi." Hilo si jibu, na hapa ndipo mipango mingi ya vikundi huharibika, kwa sababu linasikika kama kukubali na sisi hatupendi kumbana mtu aliyekubali. Mkono wenye dole gumba nao ni vilevile: unasema ameona. Nilimwandikia mwalimu pembeni, si kwenye kundi: "Asante Mwalimu. Nikuandikie la 10 lini na la 11 lini?" Akanieleza kwamba alikuwa na mitihani ya kusahihisha na angeweza moja tu. Ningebaki na "nitajitahidi" yake, hilo ningeligundua tarehe 23. Somo la 11 likarudi kwenye orodha, na mzee mwenyewe akasema atalisema kwa sauti kama imla iwapo kuna wa kuliandika. Mchoraji akasema ataliandika.

Sehemu iliyonishinda karibu kabisa ilikuwa kuacha kweli nilichosema nimekiacha. Tarehe 15 usiku faharasa ilikuwa bado kwenye K, na mimi nilikuwa macho na kompyuta mbele yangu. Ningeifanya kwa saa 6 ikaisha. Lakini dada alikuwa amesema Jumatano, na Jumatano haijafika. Ningeifanya, ahadi yake ingekuwa haina maana, na mara nyingine kila mmoja angejua kwamba kazi ikikaa muda wa kutosha nitaiokota. Niliifunga kompyuta. Jumatano asubuhi ilikuja L hadi Z, na maneno 9 ya vipimo ambayo mimi nisingeyakumbuka.

Namba 6 haikupata mtu. Tarehe 17 nilituma orodha mpya, na nikaona kitu hicho kimejificha katikati ya vingine ambavyo tayari vina majina. Watu hupitisha macho juu ya orodha inayoendelea vizuri. Kwa hiyo tarehe 19 nilikitoa nikakiandika peke yake: "Bei za Nasser Road hazijaulizwa. Kijitabu ni kurasa 48 pamoja na jalada, yaani karatasi 12 za A4 zinazokunjwa katikati na kubanwa pini. Tusipokuwa na bei Alhamisi, hatuwezi kusema tunachapa nakala ngapi. Nani yuko mjini kesho?" Nilitaja ukubwa kwa makusudi, kwani mtu hawezi kuuliza bei kwa mchapaji bila kujua idadi ya kurasa, na idadi hiyo lazima igawanyike kwa nne kijitabu kikikunjwa namna hiyo. Nadhani siku zote zile hakuna aliyeichukua kwa sababu hakujua aende kuuliza nini.

Dakika 20 baadaye mchoraji aliandika, "Mimi. Kesho saa 5 asubuhi." Na kesho yake saa 7 mchana alituma bei za maduka matatu.