Bima ya moto ya jengo: mzigo wa dukani umo au haumo?

*"Wakuu, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mafinga, jengo ni langu. Benki waliponipa mkopo wakanikatia bima ya moto ya milioni 80. Mzigo wa ndani ni kama milioni 50. Moto ukitokea si nalipwa vyote mpaka ifike hiyo 80?"*

Mkuu, hapana. Kama hiyo milioni 80 imeandikwa kwa jengo peke yake, mzigo haumo hata senti. Nimekuwa wakala wa bima Mbeya kwa miaka kadhaa, na hili ndilo linalowaliza wafanyabiashara kuliko ada yenyewe.

Chukua mkataba wako, ruka zile kurasa za maandishi madogo, nenda kwenye karatasi tunayoiita shedyuli. Hapo utakuta jina lako, mahali mali ilipo, tarehe za kuanza na kuisha, kisha orodha ya mali zilizokatiwa bima, kila moja na kiasi chake. Mstari wa jengo, mstari wa samani na vifaa vya dukani, mstari wa bidhaa. Bima ya moto inalipa kilichoandikwa kwenye mistari hiyo na haivuki. Milioni 80 iliyo kwenye mstari wa jengo haihamishiki kwenda kwenye bati na misumari hata kama jengo limeungua robo tu na sehemu kubwa ya kiasi hicho haijaguswa.

Jengo maana yake ni kuta, paa, dari, sakafu, milango, madirisha na nyaya zilizopita ukutani. Ukipindua duka juu chini, kinachodondoka mara nyingi si jengo. Shelfu za kusimamisha, mizani, kompyuta, rangi na saruji, vyote vinahitaji mistari yao.

Sasa kwa nini benki walikukatia ya jengo tu? Kwa sababu jengo ndilo dhamana yao. Mara nyingi ukisoma vizuri utaona benki yenyewe imetajwa kwenye shedyuli kuwa na maslahi kwenye mali hiyo, yaani fidia ya jengo ikitoka wao ndio wanaoangaliwa kwanza. Afisa mikopo hakukudanganya, alikuwa analinda mkopo wake. Mzigo wako haukuwa kazi yake, na ada ilikatwa humohumo kwenye mkopo bila mtu kukuuliza ndani kuna nini.

Nikupe kisa. Kuna mzee wa Uyole alikuwa na duka la pembejeo kwenye jengo lake mwenyewe. Bima aliletewa na benki: jengo, milioni 70. Moto ulianzia fremu ya jirani mwezi wa Novemba, wakati kila duka la pembejeo huku limejaa mpaka mlangoni kwa ajili ya msimu. Ulipita darini. Zimamoto walifika wakauzima, kuta zikabaki zimesimama.

Nilikuwepo mtathmini wa hasara alipokuja. Mbegu za mahindi zilizokuwa juu ziliungua zote. Mbolea ya chini haikuguswa na moto, ila urea ilikuwa imenywa maji ya mipira, mifuko imeganda kama mawe na mingine inachuruzika. Watu wengi hawajui kwamba maji ya kuzimia moto huhesabiwa kuwa hasara ya moto, kwa hiyo kama mbolea ingekuwa imekatiwa bima, ile urea ingelipwa sawa na mbegu zilizoungua. Mtathmini aliandika paa, dari, milango miwili na umeme, jumla milioni 18. Mzee akamwonyesha mifuko. Yule bwana akafungua shedyuli juu ya kaunta iliyoungua upande, akapitisha kidole na kumwambia, "Mzee wangu, hapa pana mstari mmoja tu." Mzigo wa karibu milioni 46 ulikuwa nje ya bima, na mkopo alioununulia bado anadaiwa. Alienda mpaka makao makuu ya kampuni kulalamika, jibu likawa lilelile.

Mstari wa pili ungemgharimu nini? Viwango hutofautiana kwa kampuni na kwa aina ya biashara, ila tufanye mfano: ukitozwa shilingi 3 kwa kila elfu, mzigo wa milioni 50 ni 150,000 kwa mwaka, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 177,000. Kwa duka lako hiyo ni bei ya bati chache.

Lakini usikimbilie kuandikisha kiasi chochote ili mradi mstari uwepo. Wengi hutaja kidogo ili ada ipungue, na hapo kuna mtego wa uwiano. Tuseme siku ya moto mzigo wako una thamani ya milioni 60, wewe uliandikisha 30. Moto umekula mali ya milioni 20. Utadhani unalipwa 20 kwa kuwa haijafika 30. Kampuni itasema uliandikisha nusu ya mali, basi nusu ya hasara ni yako. Unapata milioni 10, na humo bado wanakata ile sehemu ambayo mkataba unataka uibebe mwenyewe.

Kwa duka la ujenzi hili ni zito kwa sababu mzigo unapanda na kushuka. Huko kwenu wakulima wakishavuna na kuuza, kiangazi kinakuwa cha kujenga na stoo inafurika, halafu masika panapwaya. Ukiandikisha kiasi cha Machi, moto wa Agosti utakukuta umejikata mwenyewe. Andikisha kwa kiwango cha juu ambacho mzigo hufikia kwa mwaka. Wenye maghala makubwa hutumia bima ya matamko, kila mwezi wanapeleka thamani ya mzigo na ada inasawazishwa mwishoni, lakini kwa duka la kawaida karatasi hizo ni usumbufu mtupu. Na thamani ni ile uliyonunulia pamoja na usafiri wa kuufikisha Mafinga. Bei ya kuuzia haimo, faida unayoitarajia haihesabiwi hapa.

Angalia pia mahali palipoandikwa. Kama saruji unaiweka stoo ya mtaa wa pili, na shedyuli inataja kiwanja cha duka tu, saruji hiyo haina bima. Taja sehemu zote mbili, kila moja na kiasi chake.

Halafu ushahidi. Daftari la mzigo likiungua pamoja na mzigo, utabishana na mtathmini kwa kumbukumbu ya kichwa. Piga picha ankara za wasambazaji na kurasa za hesabu ya mzigo kila mwisho wa mwezi, zitume kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Risiti za EFD za manunuzi zitunze nje ya duka.

Ili kuongeza mstari si lazima usubiri bima iishe. Nenda kwa wakala au kampuni iliyoandika mkataba, omba nyongeza ya bidhaa na ya vifaa vya dukani, lipia ada ya miezi iliyobaki. Usiondoke na "tumeshaiingiza, bosi". Dai karatasi ya nyongeza yenye namba ya mkataba wako, kiasi na tarehe inapoanza. Na hakikisha kwenye mstari wa bidhaa jina lililopo ni lako au la biashara yako, maana nimeshaona bidhaa za mke zimeandikwa kwa jina la mume aliyechukua mkopo, na mabishano yake yalichukua muda mrefu kuliko ujenzi wa paa.