Kuondoa mdoli kwenye picha ya shati: kazi yote iko kwenye kola

Wauza nguo wengi wa mtandaoni wakishapiga picha ya shati kwenye mdoli hufuta shingo ya mdoli, basi. Kinachobaki ni shimo jeupe katikati ya kola, na shati linaonekana kama limechanwa. Shati likikaa mwilini bila mwili kuonekana, ndani ya shingo unatakiwa kuona upande wa ndani wa kola, lebo, na sehemu ndogo ya mgongo. Kamera haikuviona hivyo kwa sababu shingo ya mdoli ilivikinga. Itabidi uvipige picha peke yake, ndiyo maana kila nguo ninayoipiga kwa mtindo huu ina picha mbili.

Wapo wanaokopi kitambaa cha kifuani na kukibandika kwenye shimo. Kwa kitenge sikubaliani nao kabisa. Kitenge cha wax halisi rangi yake hupenya, mbele na nyuma hazitofautiani sana; kile cha bei rahisi kilichochapwa upande mmoja huwa kimepauka nyuma. Mteja anayejua vitenge huangalia hapo hapo. Ukimbandikia kitambaa cha mbele umemdanganya, na mzigo ukimfikia atajua.

Nichukue shati moja la kiume la mikono mifupi: kitenge cha njano chenye maua ya bluu, na ndani ya kola fundi ameweka kitambaa cha bluu kisicho na maua. Mdoli wangu ni wa kijivu. Ule wa rangi ya ngozi humwaga wekundu wake kwenye kingo za nguo, na mweupe hupotea ukiuvalisha shati jeupe. Kamera iko kwenye tripodi, usawa wa kifua, lenzi ya milimita 50, f/8, ISO 100. Kila kitu nimekiweka kwa mkono, pamoja na white balance, maana kamera ikijiamulia yenyewe picha ya pili itatoka na njano nyingine. Sakafuni nabandika selotepu pale miguu ya tripodi na kitako cha mdoli vilipo.

Nikishapiga ya kwanza, navua shati na kuhamisha mdoli. Picha ya pili napiga shati likiwa limevalishwa kipande cha ubao mwepesi wa foma nilichokikata upana wa mabega. Nafungua vifungo vya juu, nashusha kifua chini na kukishika kwa pini, ili nyuma ya shingo ibaki wazi ikitazama kamera. Ubao huo nausimamisha pale kisogo cha mdoli kilipokuwa, si pale kifua chake kilipokuwa. Ukiusogeza mbele, kola ya nyuma itatoka kubwa kuliko kawaida, na utapoteza muda mrefu kwenye kompyuta ukitafuta kosa ambalo liko sakafuni.

Kuna wanaogeuza shati ndani-nje na kulivalisha tena mdoli, wakalipiga kwa mgongo. Inafanya kazi, na ni haraka. Shida yake ni mwanga: kwenye shingo ya mdoli kola inatuna kuelekea kamera, kwa hiyo katikati panang'aa na pembeni panafifia. Ndani ya shati halisi ni bonde, na mwanga hukaa kinyume chake. Jicho la mteja halitakwambia kasoro ni nini, ila litaikataa picha.

Kwenye Photoshop (asiye nayo atumie Photopea, zana hizi zote zimo) nakata shati la kwanza kwa Pen Tool, mstari ukipita pikseli moja au mbili ndani ya ukingo wa nguo ili kijivu cha mandhari kisibaki kama uzi. Halafu nageuza mstari huo kuwa Layer Mask. Sifuti kitu, kwa sababu kola hurekebishwa mara nyingi, na kilichofutwa hakirudi. Shingoni nafuata mahali hasa ambapo kitambaa kinagusa mdoli, pamoja na vile vipande vidogo vya ndani ya kola vinavyoonekana kushoto na kulia. Vipande hivyo usivikate: ndivyo vitakavyokuonyesha kola ya nyuma inapaswa kuanzia wapi.

Kutoka picha ya pili nakata kola ya nyuma, na chini yake naacha kitambaa cha mgongo kingi kuliko kitakachoonekana. Naiweka leya hii chini ya leya ya shati. Napunguza Opacity ya shati hadi asilimia 50, narudi kwenye leya ya kola, nachagua Free Transform kwenye menyu ya Edit, kisha naisogeza mpaka mishono ya mabega ilaliane na mkunjo wa kola ya nyuma ukutane na vile vipande viwili vya pembeni. Kwa shati letu la njano ilibidi niikuze kidogo sana tu. Ikikulazimu kuikuza kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, rudi kapige upya, ubao ulisogea. Pakibaki pengo dogo upande mmoja, natumia Warp na kuvuta kona ile tu. Katikati sipagusi, kwa kuwa ndipo lebo ilipo, na maandishi yaliyopinda huonekana hata kwenye simu.

Narudisha Opacity ya shati hadi asilimia 100. Hapo kola imekaa, lakini bado inaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Kinachokosekana ni kivuli. Juu ya leya ya kola naweka leya mpya, naifunga kwa Create Clipping Mask, naipa Multiply, na napaka kwa brashi laini yenye Opacity ya asilimia 20 hivi. Rangi nachota kwenye mkunjo wenye giza wa kitambaa kile kile, yaani bluu nzito kwenye kola na hudhurungi kwenye njano ya mgongo. Nyeusi tupu huacha doa kama la masizi. Giza zaidi linakaa chini, pale mgongo unapozama nyuma ya kifua, na pembeni, chini kidogo ya ukingo wa kola ya mbele. Ukipanda juu linafifia, na ule mkunjo wa juu kabisa wa kola unabaki na mwanga wake, maana huko mwanga wa studio unafika.

Kukagua, naweka leya nyekundu chini ya zote. Tundu lolote lililobaki kati ya kola na shati litawaka, na kijivu chochote kilichosahaulika kingoni kitaonekana. Kisha napunguza picha hadi ukubwa wa skrini ya simu. Jicho likienda shingoni kabla ya kwenda kwenye maua ya kitenge, mara nyingi kivuli hakitoshi. Mikono mifupi nayo ina tundu lake, lakini pale kitambaa kidogo cha ndani na kivuli kizito vinatosha.

Kola ya shati moja usiihamishie jingine, hata kama kitenge ni kile kile. Maua hayaangukii mahali pamoja, na lebo ya L ikionekana kwenye picha ya XL utaletewa maswali. Na kwa nguo za lesi au shifoni situmii mdoli kabisa: mwili wake unaonekana kupitia kitambaa chote, na hakuna picha ya pili itakayouondoa. Hizo nazitundika kwenye hanga na kuzipiga hivyo hivyo.