Juya au wavu wa kutega? Ninavyosoma picha ya rundo la nyavu

Nikitumiwa picha za zana kutoka mahali wavuvi wanapotua, dema halinisumbui, na ndoana zilizopangwa kwenye kamba ndefu zinajieleza zenyewe. Kinachonisimamisha ni rundo la nyavu limelala mchangani. Aliyepiga picha ameona maboya, akaandika "wavu wa kutega", akapita. Lakini maboya hayautambulishi wavu. Wavu wa kutega una maboya juu na risasi chini, na juya, ambalo wengine huliita kokoro, nalo ni hivyo hivyo.

Mimi huanza na uzi. Wavu wa kutega unamnasa samaki kwa sababu hauoni: anapitisha kichwa kwenye jicho, mwili unagoma, na akirudi nyuma uzi unamshika kwenye matamvua. Ndiyo maana uzi wake ni mwembamba. Ukiwa ni wa plastiki wa unyuzi mmoja, utauona unang'aa juani na kujikunja ovyo. Ukiwa wa kusokotwa, unalala laini kama kitambaa. Juya halihitaji kujificha. Ni ukuta unaowasukuma samaki mbele, unakokotwa chini kwa nguvu za watu wengi, kwa hiyo uzi wake ni mnene na mafundo yake yanahesabika hata kwenye picha ya kawaida.

Baada ya uzi natafuta kama kuna nyavu za aina mbili katika rundo moja. Kipande cha wavu wa kutega kina macho ya ukubwa mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Juya lina mabawa mawili yenye macho makubwa, na katikati lina sehemu ya kukusanyia samaki, mara nyingi mfuko kamili, yenye macho madogo na uzi mzito zaidi. Mabadiliko hayo yakionekana, nusu ya jibu ninayo.

Chukua picha moja niliyoletewa ikiwa na maelezo ya wavu wa kutega. Rundo lilikuwa la buluu iliyopauka, maboya yamejipanga juu, na rula imewekwa juu ya wavu wenyewe. Upande wa kushoto, kutoka fundo moja hadi fundo la jirani, nilipata sentimita 3. Upande wa kulia, palipokuwa na giza kwa sababu wavu umebanana, nilipata 1.2. Ukubwa wa jicho lililonyooshwa ni mara mbili ya kipimo hicho, kwa hiyo nilikuwa na jicho la sentimita 6 na jingine la 2.4 ndani ya wavu mmoja. Kisha pembeni kabisa palitokeza kijiti cha mbao, kamba ya maboya imefungwa ncha ya juu na kamba ya risasi ncha ya chini, na kutoka kwenye kijiti hicho inaanza kamba nene iliyoviringishwa. Kazi ya kijiti ni kuliweka bawa wima linapovutwa. Pale sikuhitaji tena kubishana: ni juya.

Napima upande wa jicho, fundo kwa fundo, kwa sababu jicho hubadilika umbo kila wavu unapovutwa au kulegea, lakini urefu wa upande hubaki ule ule. Pima sehemu kadhaa, uchague macho yaliyotulia bapa. Rula nayo ilale juu ya wavu. Ikiwekwa mchangani karibu na kamera, wavu ulio nyuma yake utaonekana mdogo kuliko ulivyo, na kipimo chote kitaharibika.

Usisahau kutazama ukingo wa chini. Ukiona pete zimening'inia na kamba moja inapita ndani yake, huo ni wavu wa kuzungushia, ambao hufungwa chini kama mfuko wa kamba, na habari za juya ziishie hapo.

Samaki waliomo husaidia, ila si ushahidi wa kutosha. Mstari wa uzi nyuma ya kichwa unaelekea kwenye wavu wa kutega. Wadogo kwa wakubwa waliochanganyika na majani ya baharini wanaelekea kwenye juya. Tatizo ni kwamba samaki kwenye picha wanaweza kuwa wa chombo kingine.

Kama unaweza kurudi ulipo wavu, piga picha tatu: ncha yenye kamba, sehemu ya katikati ikiwa imekunjuliwa, na macho kwa karibu pamoja na rula. Na kwenye maelezo ya picha andika aina ya zana tu. Wavu wa kutega huweza pia kukokotwa au kuzungushwa kwenye kundi la samaki, na hilo picha ya mchangani haikuonyeshi; muulize mwenye wavu.