Insha ya Mgogoro wa Mengo wa 1966: panga chanzo kabla ya tukio

Swali likiuliza sababu za mgogoro wa Uganda wa 1966 kati ya Waziri Mkuu Obote na Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, wanafunzi wengi huanza mwaka 1962 na kusimulia hadi jeshi lilipovamia ikulu ya Kabaka tarehe 24 Mei 1966. Habari zote huwa sahihi, lakini alama ni chache, kwa sababu mtahini ameuliza kwa nini, naye anajibiwa nini kilifuata nini.

Ukiwa na maswali manne kwa saa 3, kila jibu lina dakika 45. Tumia 5 za kwanza kwenye karatasi ya rafu. Andika kila unachokumbuka, kisha futa kilichotokea baada ya tarehe 24 Mei. Kukimbilia Uingereza kwa Kabaka Mutesa na katiba ya 1967 iliyofuta falme ni matokeo, hata kama umeyakariri vizuri.

Utangulizi uwe sentensi tatu au nne: nani waligombana, lini, wapi, na mgogoro uliishia wapi. Usitaje sababu zote hapo, maana utalazimika kuzirudia.

Kila hoja ipate aya yake, na aya ianze na sababu yenyewe, si tarehe. Chukua kaunti zilizopotea, yaani ardhi ya Bunyoro iliyowekwa chini ya Buganda. Aya dhaifu husema: "Mwaka 1964 kulikuwa na kura ya maoni." Hilo ni tukio tu. Anza hivi: "Kurudishwa kwa Buyaga na Bugangaizi kwa Bunyoro kuliivunja imani kati ya Mutesa na Obote." Kisha lete ushahidi: Waingereza waliipa Buganda ardhi hiyo baada ya kuisaidia kupigana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, kura ya Novemba 1964 ikairudisha Bunyoro, Mutesa, aliyekuwa Rais na Kabaka kwa wakati mmoja, akakataa kutia sahihi uhamisho huo. Malizia kwa kuunganisha na swali: tangu hapo wakuu wawili wa nchi hawakuweza tena kutawala pamoja. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na bila hiyo aya inabaki hadithi.

Hoja nyingine zifuate mtindo huohuo: katiba ya 1962 iliyoipa Buganda mamlaka ya pekee, kuvunjika kwa muungano wa UPC, chama cha Obote, na Kabaka Yekka, chama cha Buganda, mwaka 1964, tuhuma za dhahabu dhidi ya Obote alizozileta Daudi Ochieng bungeni Februari 1966, na kusimamishwa kwa katiba mwezi huohuo. Azimio la Mei la Lukiiko, bunge la Buganda, la kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda, liweke mwisho na uliite cheche. Ukilifanya sababu kuu, umeruka miaka minne ya chuki iliyolizaa.

Hitimisho lichague. Sema sababu ipi ilikuwa na uzito zaidi, na kwa nini: kwa mfano, kwamba katiba ya 1962 iliweka mamlaka mawili mjini Kampala, na migogoro mingine ikapata mlango humo. Usilete hoja mpya hapo.